Kuunyoosha waraka wa posho ya kujikimu: kiasi, anayestahili na tarehe

Ijumaa moja mwishoni mwa Juni, dereva alisimama mlangoni kwangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa waraka wetu wa posho mpya ya safari za kikazi, uliobandikwa ubaoni asubuhi ile.

“Mama, shikamoo. Hapa imeandikwa maafisa wote. Sisi madereva tumo au hatumo?”

Walikuwamo. Kikao kilichopitisha viwango vile kiliwataja madereva kwa jina la kazi yao, kwa sababu ndio wanaolala nje ya Dodoma kuliko mtu yeyote pale ofisini. Lakini aliyeandika rasimu alizoea neno “maafisa”, na mimi niliyeipitia sikuliona. Wiki iliyofuata wawili kati yao walisafiri na kudai kiwango cha zamani, na ilituchukua karibu miezi miwili kuwalipa tofauti yao, kwani hesabu za mwezi zilikwishafungwa.

Tangu siku hiyo nimepitia nyaraka nyingi za aina hii, na zinazoleta madai huwa zinakosea mahali palepale. Mtumishi anayesoma waraka wa posho anatafuta vitu vitatu: nitalipwa kiasi gani, je mimi nimo, na kuanzia lini. Huu ni mwongozo wa kuichukua rasimu iliyokwishaandikwa na kuinyoosha mpaka vitu hivyo vitatu vionekane. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: shirika lenye makao makuu Dodoma mjini na vituo vya kazi Kondoa na Mpwapwa. Viwango nitakavyotaja ni vya mfano tu, weka vyako.

Rasimu tunayoanza nayo

> Yah: MAREKEBISHO YA SERA YA POSHO
>
> Rejea kikao cha Menejimenti cha tarehe 4 Juni 2026. Kufuatia kupanda kwa gharama za maisha, uongozi umeona ni vyema kuhuisha viwango vya posho ya kujikimu ili viendane na hali halisi. Kwa kuzingatia hilo, maafisa wote wanaostahili watalipwa kwa viwango vipya kama vilivyoainishwa katika Kiambatisho A kuanzia mwaka mpya wa fedha. Waraka huu unaanza kutumika mara moja. Aidha, watumishi wanakumbushwa kuzingatia taratibu za fedha.

Kiswahili chake ni safi na mkurugenzi angeweza kuusaini bila wasiwasi. Sasa usome kama mtu wa Mpwapwa anayesafiri wiki ijayo. Kiasi hakimo, kiko kwenye kiambatisho ambacho huenda hakikubandikwa. Nani anastahili? Wanaostahili. Kuanzia lini? Kuna “mwaka mpya wa fedha”, kuna “mara moja”, na juu kabisa kuna tarehe 4 Juni. Hizo ni tarehe tatu, na kila msomaji atachukua ile inayompendeza.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye uamuzi kabla ya kugusa maneno

Usianze kuhariri sentensi. Omba muhtasari wa kikao, au kibali kilichosainiwa, ukae nao mezani. Mara nyingi rasimu ina ukungu kwa sababu uamuzi wenyewe haukukamilika, na hapo hakuna ufundi wa lugha utakaokuokoa. Ukiandika “wanaostahili” kwa sababu kikao hakikusema ni akina nani, umelisukuma swali kwa keshia, naye atalijibu peke yake dirishani, kila mtu na jibu lake.

Andika kwenye karatasi mambo ambayo muhtasari haukuyajibu, kisha umpelekee aliye na mamlaka ya kuyajibu. Katika mfano wetu yalikuwa mawili. La kwanza, safari inayoanza Juni na kuisha Julai italipwaje? La pili, mtumishi akilipiwa chumba na mwenyeji wa mafunzo, analipwa nini? Majibu yakija, yaombe kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili yenye saini, uyaweke kwenye faili lilelile. Siku mkaguzi atakapouliza kwa nini mtu fulani alilipwa nusu, utakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Hatua ya pili: viwango viwe ndani ya waraka, cha zamani kando ya kipya

Kiambatisho hupotea. Watu hupiga picha ukurasa wa kwanza wakautuma kwenye kundi la WhatsApp, na ukurasa wa pili unabaki ubaoni. Kwa hiyo jedwali likae ukurasa wa kwanza, juu, kabla ya sababu na kabla ya shukrani. Safu tatu zinatosha, kwa kuwa wengi watalisoma kwenye simu, na jedwali la safu sita kwenye simu halisomeki.

| Unapolala | Hadi 30 Juni 2026 | Kuanzia 1 Julai 2026 |
|---|---|---|
| Majiji | Sh 100,000 | Sh 130,000 |
| Makao makuu ya mikoa mingine na ya wilaya, pamoja na Kibaigwa | Sh 80,000 | Sh 95,000 |
| Vijiji na miji midogo mingine | Sh 60,000 | Sh 60,000 (haijabadilika) |

Safu ya kiwango cha zamani ina kazi yake. Mtumishi akiona 80,000 aliyoizoea, anajua papo hapo mstari upi ni wake. Bila hiyo, macho yanakimbilia namba kubwa. Mwaka 2022 Serikali ilipopandisha posho ya kujikimu ya safari za ndani kwa watumishi wa umma kuanzia 1 Julai, kiwango cha juu kilitoka 120,000 hadi 250,000, na cha chini kilitoka 80,000 hadi 100,000. Iliyovuma mitaani ni 250,000. Wapo waliosafiri wakiitegemea, kumbe ngazi yao ya mshahara ilikuwa na kiwango kingine kabisa.

Mstari wa vijijini umebaki palepale, na umeandikwa hivyo waziwazi. Ukiuacha nje kwa kuwa haukubadilika, mtu wa vijijini atadhani amesahauliwa, au atadhani amepandishwa. Na kama kuna kiwango kilichoshuka, kiandike kwa namna ileile, katika jedwali lilelile. Mtumishi akikigundua siku ya malipo hatauamini waraka wako unaofuata.

Sasa tazama neno Kibaigwa pale kati. Halikuwamo katika rasimu. Makao makuu ya wilaya ya Kongwa ni mji wa Kongwa, lakini watu wetu wakienda wilaya ile wanalala Kibaigwa, kwenye barabara kuu ya Morogoro, kwenye soko la mahindi na nyumba za wageni. Kwa jedwali la mwanzo Kibaigwa ingeangukia 60,000 na Kongwa mjini 95,000, ingawa bei ya chumba haitofautiani hivyo. Tuliliuliza hilo kabla ya waraka kutoka, kikao kikaamua Kibaigwa ihesabiwe kama makao makuu ya wilaya. Nawe fanya hivyo: chukua fomu za safari za miezi mitatu iliyopita, orodhesha mahali watu walipolala, upitishe kila jina kwenye jedwali lako. Jina lolote litakalokufanya usite, litaje kwenye waraka. Huna haja ya kutaja vijiji vyote vya Dodoma na Singida, taja vile vinavyosumbua tu.

Hatua ya tatu: anayestahili aandikwe kwa kazi yake na kwa mahali anapolala

Futa “maafisa”, futa “wanaostahili”, futa “wahusika”. Badala yake jibu maswali mawili: ni nani, na kwa sharti gani.

Nani: watumishi wa ajira ya kudumu, wa mkataba, madereva, na wanaojitolea wenye barua ya shirika. Wasiohusika nao watajwe: washauri elekezi wanaolipwa kwa mkataba wao, na washiriki wa mafunzo wasio watumishi wetu. Mstari wa wasiohusika huonekana mkavu kidogo, lakini unamwondolea keshia mzigo wa kumkatalia mtu uso kwa uso bila karatasi.

Sharti ndipo penye kazi. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi iliandika kwamba posho hulipwa mtumishi “anayelala nje ya nyumbani kwake”. Ilionekana haki. Kisha mtumishi wa kituo cha Kondoa akaitwa Dodoma kwa kikao cha siku tatu. Familia yake inaishi Nzuguni, akalala kwake, akanyimwa posho. Mwenzake wa kituo hichohicho alilala kwa shemeji yake Area D, akalipwa zote. Yule wa kwanza alikuja kwangu na hoja ambayo sikuweza kuijibu: “Dada, mimi nimeajiriwa Kondoa. Nimekuja huku kwa kazi yenu, nauli ya daladala kila siku na chakula cha mchana ni mfukoni mwangu. Nyumba yangu inahusiana nini na safari ya ofisi?”

Kinachopimika ni kituo cha kazi, na kituo cha kazi kimeandikwa kwenye barua ya ajira au ya uhamisho. Mahali mtu anapolala ndani ya mji aliotumwa ni shauri lake, ilimradi ofisi haijamlipia chumba. Sharti likawa hivi: posho hulipwa kwa kila usiku ambao mtumishi yuko kikazi nje ya kituo chake cha kazi, kwa kibali cha safari kilichosainiwa kabla ya kuondoka. Sentensi moja ina kipimo kimoja na karatasi mbili za kuthibitisha, barua ya ajira na kibali. Uongozi wako unaweza kuamua kinyume, kwamba anayelala kwake apate sehemu tu. Hiyo ni haki yake, bali iandikwe, isiachwe kwa hekima ya anayelipa.

Halafu kuna chumba kilicholipiwa. Hapa waraka mwingi husema “posho itapunguzwa ipasavyo”. Ipasavyo ni kiasi gani? Katika mfano wetu uamuzi ulikuwa nusu: mwenyeji au shirika likilipia malazi, mtumishi hulipwa nusu ya kiwango cha mahali hapo. Kwa Mpwapwa ni 47,500. Iandike hiyo 47,500 kama mfano, maana neno “nusu” peke yake litaulizwa: nusu ya kiwango kipi, cha nilikotoka au cha nilikokwenda?

Hatua ya nne: tarehe

Hapa kaa kwa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kosa la kiwango huonekana mara moja, mtu anauliza na unasahihisha. Kosa la tarehe hulala kimya mpaka safari ya kwanza inayovuka mwezi.

Kwanza, ndani ya mwili wa waraka ibaki tarehe moja tu ya kuanza. Tarehe ya kikao iende mwisho, kwenye mstari wa mamlaka. Tarehe ya kuandikwa ikae kichwani, mahali pake pa kawaida. “Mara moja” ifutwe. “Mwaka mpya wa fedha” nao ufutwe: wa Serikali huanza 1 Julai, lakini wafadhili wengine huanza Januari, wengine Oktoba, na mtumishi anayelipwa na mradi ataufuata mwaka wa mradi wake. Andika siku, tarehe, mwezi kwa maneno na mwaka: Jumatano, 1 Julai 2026. Ukitaja siku ya wiki unajikagua mwenyewe, kwani Jumatano isipolingana na tarehe kwenye kalenda ujue umekosea mahali.

Pili, sema tarehe hiyo inapima nini. Hili ndilo jambo ambalo rasimu karibu zote huliacha. Chukua safari hii. Mtumishi wa Dodoma anakwenda Mpwapwa. Masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla ya kuondoka, anachukua Ijumaa 26 Juni. Anaondoka Jumatatu 29 Juni, analala usiku wa tarehe 29, 30, 1 na 2, anarudi Ijumaa 3 Julai. Jumatatu 6 Julai anarejesha masurufu, yaani anawasilisha hesabu za safari. Jedwali linasema 80,000 hadi 30 Juni na 95,000 kuanzia 1 Julai. Analipwa shilingi ngapi?

Mhasibu anaangalia siku fedha ilipotoka, Juni: usiku 4 kwa 80,000 ni 320,000. Mtumishi anaangalia siku anayowasilisha hesabu zake, Julai: usiku 4 kwa 95,000 ni 380,000. Mkuu wake wa kazi anasema kila usiku ulipwe kwa kiwango cha tarehe yake: 160,000 na 190,000, jumla 350,000. Wote watatu wameusoma waraka uleule na hakuna aliyedanganya. Waraka haukusema.

Mimi naona usiku ndio kipimo bora, kwa sababu posho ya kujikimu inalipia usiku. Ukitumia tarehe ya madai, watu watachelewesha kurejesha masurufu ya Juni ili waingie Julai. Ukitumia tarehe ya masurufu, mtu aliyechukua fedha mapema kwa kuwa kijiji chake hakina benki anaadhibiwa kwa kujipanga. Kwa usiku hakuna anayeweza kuvuta kamba upande wake.

Tatu, na hili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili hasa: usiku wa tarehe ipi? “Usiku wa Jumatano” kwa wengine ni usiku baada ya mchana wa Jumatano. Kwa wengine, na hasa wazee na wale walioshika hesabu ya siku kuanza jua likizama, ni usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, yaani Jumanne baada ya magharibi. Kwenye harusi au msiba tunaelewana kwa kuwa tunaulizana. Kwenye waraka hakuna wa kumwuliza. Lugha yetu ina dawa yake, neno kuamkia. Andika: kiwango kipya kinaanza na usiku wa kuamkia Alhamisi, 2 Julai 2026. Hapo hakuna tafsiri mbili.

Nne, sema tofauti italipwaje. Aliyechukua masurufu kwa kiwango cha zamani, usiku wake ukaangukia Julai, atalipwa nyongeza anaporejesha masurufu, bila kuandika dai jingine. Katika safari yetu nyongeza ni 30,000. Mstari huu mfupi unazuia foleni nzima kwenye ofisi ya uhasibu wiki ya kwanza ya Julai.

Waraka ukishanyooshwa

> Kumb. Na.: (namba ya faili) — Tarehe: 15 Juni 2026
>
> Kwa: Watumishi wote, Dodoma, Kondoa na Mpwapwa
>
> Yah: POSHO YA KUJIKIMU: VIWANGO VIPYA KUANZIA JUMATANO, 1 JULAI 2026
>
> 1. Viwango vya posho kwa usiku mmoja vitakuwa kama jedwali linavyoonyesha. (Jedwali linakaa hapa.)
>
> 2. Kiwango kipya kinaanza na usiku wa kuamkia Alhamisi, 2 Julai 2026. Kila usiku unalipwa kwa kiwango cha tarehe yake, bila kujali masurufu yalichukuliwa lini au yanarejeshwa lini. Mfano: ukilala Mpwapwa usiku wa kuamkia 30 Juni hadi usiku wa kuamkia 3 Julai, ni usiku 2 kwa Sh 80,000 na usiku 2 kwa Sh 95,000, jumla Sh 350,000. Uliyechukua masurufu kwa kiwango cha zamani utalipwa nyongeza utakaporejesha masurufu.
>
> 3. Wanaohusika ni watumishi wa kudumu, wa mkataba, madereva, na wanaojitolea wenye barua ya shirika. Hawahusiki washauri elekezi na washiriki wa mafunzo wasio watumishi.
>
> 4. Posho hulipwa kwa kila usiku ulio kikazi nje ya kituo chako cha kazi kilichoandikwa kwenye barua yako ya ajira au uhamisho, kwa kibali cha safari kilichosainiwa kabla ya kuondoka.
>
> 5. Malazi yakilipiwa na shirika au mwenyeji, utalipwa nusu ya kiwango cha mahali unapolala. Mfano: Mpwapwa, Sh 47,500.
>
> 6. Waraka huu unafuta waraka wa posho uliotangulia. Umetolewa kwa uamuzi wa Menejimenti wa 4 Juni 2026. Maswali yapelekwe kwa Afisa Utawala.

Tazama kichwa cha habari. Rasimu ilisema “Marekebisho ya sera ya posho”, maneno yasiyomwambia mtu chochote. Sasa hata anayesoma kichwa peke yake ana tarehe mkononi. Sababu ya kupandisha viwango imeondoka, na sidhani kama kuna atakayeiulizia. Uongozi ukiitaka, ipe mstari mmoja kabla ya kifungu cha 6, isije mbele ya jedwali.

Namba ya waraka unaofutwa itaje kamili pale kwenye kifungu cha 6. Ikiwa nyaraka mbili za zamani zilikuwa zinatumika pamoja, kama ilivyo kwenye ofisi nyingi, zitaje zote mbili.

Hatua ya tano: wape watu watatu wahesabu

Kabla ya saini, tafuta dereva, mtumishi wa kituo cha nje, na keshia. Usiwaulize kama wameelewa, maana kila mtu hujibu ameelewa, hasa akiulizwa na ofisi. Wape safari ile ya Mpwapwa na kikokotoo cha simu, kila mmoja peke yake, waandike jumla. Kisha waulize nani asingelipwa.

Wakileta 350,000 wote, endelea. Wakitofautiana, usiwaeleze. Waombe wakuonyeshe kwa kidole mstari waliousoma, ndipo utengeneze mstari huo. Tulipojaribu waraka wa mfano huu, keshia alipata 445,000. Alihesabu siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu rasimu ya wakati ule ilisema “kwa siku” kwenye jedwali na “kwa usiku” chini yake. Neno moja lilikuwa na thamani ya 95,000.

Hatua ya sita: fomu ifuate waraka

Waraka ukitoka huku fomu ya maombi ya safari ikiwa na viwango vya zamani vilivyochapwa, fomu ndiyo itakayoshinda, kwa kuwa ndiyo inayojazwa. Badilisha fomu siku hiyohiyo, na zile za karatasi zilizobaki masjala zikusanywe.

Ikiwa mnatumia Excel, weka kila usiku mstari wake, tarehe ya kulala kwenye safu ya A, na kiwango kijitafute chenyewe. Kwa mstari wa makao makuu ya wilaya:

```
=IF(A2<DATE(2026,7,1),80000,95000)
```

Ijaribu kwa tarehe 30 Juni na 1 Julai kabla ya kuigawa. Kuna mitego miwili. Tarehe ikiandikwa kama maneno, mfano “30 Juni”, Excel haioni tarehe, na fomula hii italeta 95,000 kila mara bila kulalamika. Na kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani itaisoma 1/7/2026 kuwa tarehe 7 Januari, ikulipe 80,000. Chagua safu ya A, ipe mpangilio wa tarehe unaoonyesha mwezi kwa maneno, na makosa yote mawili yataonekana kwa macho.

Hatua ya saba: kuutoa

Utoe angalau wiki mbili kabla ya tarehe ya kuanza, ndiyo maana mfano wetu umeandikwa 15 Juni. Bandika ubaoni kwenye vituo vyote vitatu siku moja. Kwenye kundi la WhatsApp tuma faili la PDF, si picha, na chini yake andika ujumbe wa mistari mitatu wenye kiasi, nani na lini, kwa maneno yaleyale ya waraka. Ukibadilisha hata neno kwa ajili ya ufupi, ujumbe huo ndio utakaonukuliwa dirishani kwa keshia.

Masurufu ya kwanza ya Julai yakirejeshwa, chukua hesabu kumi za mwanzo uzipitie mwenyewe. Ukikuta watu wawili wamekosea mahali pamoja, andika nyongeza ya waraka yenye namba yake na tarehe yake, itaje kifungu inachokifafanua, kisha ibandike kando ya ule wa kwanza. Usiurekebishe ule wa kwanza kimyakimya na kuutuma tena, maana nakala yake ya awali tayari iko kwenye simu za watu Kondoa na Mpwapwa.